Ushauri: maswali ya watu baada ya mada yangu ya vizimba, nibadilisheje slaidi kabla ya kwenda Ukerewe?

MtuWaNyegezi
Habari za jioni wakuu. Natoa mada ya ufugaji wa sato kwenye vizimba kwa vikundi vya huku ziwani. Juzi nilikuwa Ilemela, na mwezi ujao napeleka mada hiyohiyo Ukerewe. Nina slaidi 31 za kumaliza kwa dakika 40, halafu maswali.

Fomu za tathmini hazinipi kitu. Karibu zote zinasema "semina nzuri sana, mrudi tena". Nilichonacho ni maswali, kwa sababu mwenzangu alikaa pembeni akawa anayaandika. Yaliyojirudia ni haya:

"Nina samaki elfu moja, niwape ndoo ngapi kwa siku?"
"Mfuko mmoja unakaa siku ngapi?"
"Hiyo tatu ni hata kwa vifaranga?"
"Kwa nini wanakufa alfajiri wakati jioni niliwaacha wazima?"
"Kizimba kimoja mpaka kuvuna ni shilingi ngapi?" Hili lilikuja mapema kabisa, tukiwa bado kwenye aina za nyavu.

Kuna na mzee mmoja aliyeng'ang'ania habari za kibali chake mpaka muda ukaisha.

Slaidi yangu ya chakula inasema "Lisha 3% ya uzito wa samaki wote kwa siku". Ya hewa kwenye maji ni grafu. Gharama ziko slaidi ya 27. Kwenye magonjwa hakuna aliyeuliza chochote. Je, niongeze slaidi kwa kila swali? Muda hautatosha. Natanguliza shukrani.

Ngosha_Kirumba
Mkuu, watu hawasomi maneno. Weka picha tupu, maneno utayasema kwa mdomo. Na slaidi ambazo hazikuulizwa swali futa, maana yake haziwahusu.

MamaVizimba
Kaka, mimi nina vizimba viwili Luchelele na hao wa alfajiri ni wangu kabisa! Wiki iliyopita nimeokota wanaelea. Nibadilishe chakula au ni maji?

MtuWaNyegezi
Pole sana dada. Usiku mimea ya majini haitoi hewa, inaivuta pamoja na samaki, kwa hiyo alfajiri ndipo hewa inakuwa chini kuliko muda mwingine wote. Usilishe mapema, subiri jua lipande. Angalia pia kama magugu maji yamekuzunguka au nyavu zimeziba. Wakizidi kufa, mwite afisa uvuvi aje apime maji.

Mwl_Bugando
Ndugu, usijibu swali kwa slaidi. Kwanza tafuta jibu la kila swali lilikuwa wapi ulipoulizwa. Chukua daftari la mwenzako, na pembeni ya kila swali andika slaidi iliyokuwa ukutani wakati huo, kisha slaidi yenye jibu. Utaona yanagawanyika yenyewe.

Swali la bei limeulizwa kwenye nyavu, jibu liko 27. Hapo slaidi ya gharama haina kosa, ila imechelewa. Mtu anayejiuliza kama ataumudu huo mtaji hasikilizi habari ya matundu ya wavu. Jumla ipande mwanzoni kwa mstari mmoja, mchanganuo ubaki kulekule.

Swali la alfajiri ni kinyume chake. Jibu lilishapita kwenye grafu yako, wakalitazama wasilione. Nakisia mhimili wa chini umeandikwa 00:00, 06:00, 12:00, na kichwa cha slaidi ni "Mabadiliko ya oksijeni". Andika "saa kumi na moja alfajiri" palepale mstari unapogusa chini, na kichwa kiwe jibu lenyewe: "Hewa huisha alfajiri, usilishe kabla jua halijapanda". Grafu ibaki.

Hayo matatu ya chakula mimi nayahesabu kuwa swali moja. Aliyeuliza ndoo, aliyeuliza mfuko na aliyeuliza vifaranga wote wamekwama kwenye asilimia. Ndiyo maana maswali yaandikwe kwa maneno ya muulizaji. Mwenzako angefupisha "waliuliza kuhusu chakula", usingejua kwamba wao wanapima kwa ndoo na wewe unaongea kwa asilimia. Toa sentensi yako, weka hesabu moja:

Samaki 1,000, kila mmoja gramu 100, jumla kilo 100.
3% ya kilo 100 ni kilo 3 kwa siku.
Mfuko wa kilo 20 unakaribia siku 7.

Chini yake mstari mmoja tu: vifaranga asilimia yao ni kubwa zaidi, na inashuka kadiri wanavyokua, kwa hiyo pima sampuli kila baada ya wiki mbili. Ukifika ukumbini chukua ndoo yao, ijaze chakula, ipime kwa mizani mbele yao.

Kibali cha mzee ni swali la mtu mmoja. Tengeneza slaidi moja, iweke baada ya ile ya mwisho. Kwenye PowerPoint ukiwa unaonyesha, andika namba ya slaidi, bonyeza Enter, inakuja. Asipouliza mtu haionekani.

Ngosha_Kirumba
Sawa mwalimu, ila ya bei sikubali. Nimeona semina Igoma, mtoa mada katangulia kutaja mtaji, nusu ya watu wakatoka nje. Afadhali kwanza waone faida.

Mwl_Bugando
Hilo linatokea, sibishi. Lakini Ilemela walilibeba swali hilo mpaka slaidi ya 27. Labda atangulize gharama ya kikundi kwa kila mwanachama, si ya kizimba kizima.

Nisichokubali ni kufuta yasiyoulizwa. Ukimya kwenye magonjwa unaweza kuwa wameelewa, au wamepotea kiasi kwamba hawajui pa kuanzia kuuliza. Tupa hiyo fomu. Gawa vikaratasi kabla ya chai, swali moja: "Ni kitu gani leo hukukielewa vizuri?" Bila jina. Vikija vitupu upande wa magonjwa, hapo punguza.

Dada_Igombe
Nami niongeze, walioshika maikrofoni siyo wote. Huku kwetu kina mama wanaokausha dagaa na kulisha samaki wanakaa nyuma, wanaulizana kwa Kisukuma. Mwenzako mwingine akae nao huko nyuma. Maswali ya kwenye chai nayo yaingie daftarini.

MtuWaNyegezi
Nimeanza. Kichwa cha grafu nimebadilisha, hesabu ya chakula nimeweka, na slaidi nne za historia ya ziwa nimezitoa kupata nafasi. Nitajuaje kama ya chakula sasa inaeleweka kabla sijavuka kwenda Ukerewe?

Mwl_Bugando
Mwonyeshe mtu asiyefuga, wewe usiseme neno. Kisha muulize: samaki 500, kila mmoja gramu 200, kwa 3% hiyohiyo anawapa kilo ngapi? Akisema 3, ameelewa. Akisema moja na nusu, amefuata idadi ya samaki tu, imepungua nusu naye akapunguza chakula nusu, hakuiona ile jumla ya uzito. Hapo ikoleze rangi au iandike kwa herufi kubwa kuliko vingine vyote.

MtuWaNyegezi
Nimemjaribu kijana wa dukani hapa Nyegezi, kasema moja na nusu. Narudi kwenye slaidi.

MamaVizimba
Mimi nimesema tatu. Ila kaka, hiyo bei kwa kila mwanachama ukishaipata iweke na hapa, kikundi chetu kina watu 12.