Mrejesho: pendekezo la asali kwa hoteli

Niliuliza: "Naandikia hoteli pendekezo la kuwauzia asali ya Tabora. Nipunguzeje sifa bila kukosa adabu?"

Wakuu, nimefyeka. Kila sentensi niliipima: ingeweza kutumwa hoteli nyingine yoyote? Kama ndiyo, nje. "Hoteli yenu tukufu yenye kung'ara" ikaondoka, na "tunaomba kwa unyenyekevu mtufikirie" pia. Adabu imebaki kwenye "Ndugu Meneja" na sifa moja ya kweli, kwamba wanaweka asali mezani kila asubuhi. Papo hapo inafuata: "Tutawaletea ndoo 4 za lita 20 kila mwezi, asali ya miombo, unyevu usiozidi asilimia 20. Jumanne nitaleta sampuli." "Tutajitahidi" nayo nimeitoa, mnunuzi huisoma kama shaka. Meneja kajibu, anauliza bei tu.