Tupeane uzoefu: "Mtoto hasikii" baada ya malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo

Tabibu wa Barani (Malindi)
Mzazi anarudi kliniki mtoto akiwa anatembea, anakula, anacheza. Lalamiko ni neno moja: "Hasikii." Neno hilo lina mlango wa masikio na mlango wa ukaidi, na wengi wetu huingilia ule wa pili. Wenzangu, nyinyi huanza na kipimo kipi?

Fundi wa Masikio, Lamu
Masikio kwanza, hasa baada ya homa ya uti wa mgongo. Apimwe kabla hajatoka wodini. Ikishindikana, wiki 4 zisipite. Kupiga makofi nyuma yake si kipimo. Huona kivuli chako, na akiwa na sikio moja zima atageuka vilevile. Kile kipimo cha kijiti sikioni nacho husoma mwangwi wa sikio la ndani tu, hakisemi kama mshipa unafikisha sauti ubongoni. Akipita hapo na bado haitikii, afanyiwe kile cha kubandikwa nyaya kichwani akiwa amelala.

Mwalimu, Ganda
Mimi huwashauri wazazi wangoje miezi 6, ubongo utulie. Ukipima mapema unambandika mtoto jina bure.

Fundi wa Masikio, Lamu
Mwalimu, kwa vipimo vya akili uko sawa. Kwa masikio, hapana. Homa ya bakteria, hasa pneumokoki, yaweza kugeuza kikonokono cha ndani ya sikio kuwa mfupa ndani ya wiki au miezi. Mfupa ukishajaa, kifaa cha kupandikiza ni vigumu kuingia.

Mama Shela
Samahani nidakie. Wangu alishikwa na malaria mara 3 mwaka jana, hakuzimia hata mara moja, ila sasa kusoma hataki. Ndiyo haya?

Tabibu wa Barani (Malindi)
Pole, dada. Hapa tunawasema waliopoteza fahamu. Utafiti wa Kampala uliochapishwa 2008 ulikuta takriban mtoto 1 kati ya 4 waliopona malaria ya ubongo ana upungufu wa kufikiri miaka 2 baadaye, na kwa wenzao wa mtaani ilikuwa kama 1 kati ya 13. Wako apimwe damu, macho na masikio kwanza. Malaria ya kujirudia humaliza damu, na mtoto asiye na damu huchoka darasani.

Sasa nimalize nililolianza. Tuseme mtoto wa miaka 8 alizimia siku 2 na kushikwa na degedege akiwa na miaka 4. Masikio ni mazima. Kile kipimo cha ukuaji kilichotungwa Kilifi hakimfai, ni cha miezi 6 hadi 35. Mimi humtajia tarakimu, moja kwa sekunde, sauti isipande wala kushuka, na sirudii. Kila urefu mara 2. Akikosa zote mbili, naacha. Kisha anazirudisha kinyumenyume, baada ya kuonyeshwa mfano. Akishika 4 za mbele lakini hata 2 za kinyume zikamshinda, sauti imefika. Kinachomponyoka ni kuishikilia huku akiigeuza. Ndiyo sababu ukimtuma "chukua kikombe, mpe bibi, ufunge mlango" anarudi na kikombe mkononi.

Mwanasaikolojia, Kilifi
Naongeza la lugha. "Saba", "nane", "tisa" zina silabi mbili mbili, nyingi za Kiingereza zina moja. Mtoto wa Kiswahili atashika chache, si kwa sababu ya ugonjwa. Msimlinganishe na jedwali la ng'ambo. Mpimeni na wawili watatu wa darasa lake. Na kama nyumbani ni Kigiriama, maagizo yawe Kigiriama. Mkirudia baada ya miezi 6, badilisheni tarakimu, maana hukariri.

Mwalimu, Ganda
Na yule anayekodoa macho sekunde chache, kalamu ikasimama hewani, kisha akaendelea kama hakuna kitu? Sisi humgongea meza.

Tabibu wa Barani (Malindi)
Usigonge, mwalimu. Mwite jina na umguse bega. Asipozinduka, mrekodi kwa simu. Kifafa huweza kuanza miezi au miaka baada ya kupona. Kipimo cha umeme wa ubongo kikitoka safi hakikifuti, kile kifafa.

Muuguzi wa Kliniki
Ulizeni dawa pia. Gardinali huwafanya wengine wasitulie na wasahau, kisha tunaulaumu ugonjwa. Ila msiikatize ghafla, degedege litarudi kwa nguvu.

Mwanasaikolojia, Kilifi
Kweli, lakini ukibadilisha dawa na kupima wiki hiyo hiyo hutajua kilichosaidia.

Muuguzi wa Kliniki
Basi tumwache na gardinali muhula mzima kwa ajili ya kipimo chako?

Mwanasaikolojia, Kilifi
Hapana. Mpimeni kabla ya kubadilisha, hata kwa dakika 10 tu.