Abstrakti imepigwa 5 na 1, tunakataje?

Kongwa_Boy: Wakuu, nipo kwenye kamati ya kongamano la afya. Abstrakti 118, nafasi za kuzungumza jukwaani 24, kila moja imesomwa na watu wawili bila kuona majina, alama 1 hadi 5. Kuna moja imepata 5 na 1, wastani 3, mstari tumekata 3.5 kwa hiyo imeanguka. Nyingine ina 3 na 4 imepita. Hii ni haki kweli?

Mzee wa Hesabu: Wastani umekuficha jambo. 3 na 3 ni watu wawili wameona kitu cha kawaida, 5 na 1 ni mmoja kaona kitu mwenzie hajakiona, au mmoja kakosea. Sisi tunapanga kabla ya kufungua alama: wakipishana 3 au zaidi inaenda kwa msomaji wa tatu, haonyeshwi alama za wenzie, halafu tunachukua alama ya katikati. Mkipanga baada ya kufungua kila mtu atatetea ya rafiki yake.

Binti Mrima: Kumficha msomaji wa tatu mimi sikubali. Je kama ile 1 ni ya kukosa kibali cha maadili na wa tatu naye asione? Waacheni kwanza wale wawili wasome maoni ya kila mmoja. Mwaka juzi mmoja wetu alishusha 5 yake mwenyewe hadi 3, alikuwa amesoma washiriki 190 kumbe ni 19.

Kongwa_Boy: Nimefungua maoni. Wa 5 kaandika aya nzima juu ya sampuli ilivyochukuliwa. Wa 1 kaandika hivi tu: Kiingereza kibovu, haieleweki.

Prof Kivuli: Na yuko sahihi kabisa. Mtu maneno 250 yanamshinda, akipanda jukwaani si atatuahibisha.

Sauti ya Ziwa: Atamwaibisha nani wewe? Mimi 2019 yangu ilikataliwa hivyo hivyo, nikampa rafiki aliyesoma nje anyooshe sentensi, data ileile, majedwali yaleyale, kongamano lingine likanipa jukwaa. Sasa walikuwa wanapima utafiti au wanapima shule niliyosoma?

Prof Kivuli: Walikuwa wanapima kama unaeleweka. Usilete machozi hapa.

Shemeji Mpole: Prof, "atatuahibisha" ndiyo nini? Ungepewa ngapi?

Prof Kivuli: Naandikia simu, na hapa siyo kongamano.

Sauti ya Ziwa: Aah kumbe simu inasamehewa ila mtu wa kijijini hasamehewi 😂

Chuma cha Pua: Mnagombana bure, yote ni bahati nasibu. NIPS, lile kongamano la watu wa akili bandia, walishajaribu, kamati mbili zikasoma pepa zilezile, nusu ya maamuzi yakapishana.

Mzee wa Hesabu: Siyo nusu. Ilikuwa 2014, pepa 166, na kamati zilipishana kwenye kama robo. Hiyo nusu unayoisikia ni kwamba ukichukua zilizopitishwa na kamati moja, zaidi ya nusu yake kamati ya pili ilizikataa. Na zile ni pepa kamili, kwenye abstrakti msomaji ana kidogo zaidi cha kushika. Kongwa, hebu niambie, huyo wa 1 wengine kawapa ngapi?

Kongwa_Boy: Kasoma 12, wastani wake 1.8. Wa 5 kasoma 11, wastani 3.1. Na ile ya 3 na 4, aliyetoa 3 huwa anatoa 4.0, aliyetoa 4 huwa anatoa 3.9.

Mzee wa Hesabu: Basi ona. Mkali wako katoa 0.8 tu chini ya kawaida yake, mwenzie katoa 1.9 juu ya kawaida yake, ukigawa kwa mbili iko juu kwa 0.55. Ile iliyopita, mmoja kashuka 1.0 na mwingine kapanda 0.1, iko chini kwa 0.45. Zimebadilishana nafasi.

Binti Mrima: Pole pole mzee. Mtu mwenye wastani wa 1.8 hana pa kushuka, mbovu na mbovu zaidi zote atazipa 1. Na abstrakti 12 ni chache, labda kweli aliangukiwa na mbovu tupu. Hesabu hiyo ikuonyeshe zipi zirudiwe kusomwa, isikuamulie.

Mzee wa Hesabu: Hapo sina ubishi. Ila msomaji wa tatu bado asione alama.

Binti Mrima: Alama sawa. Maoni aone.

Kongwa_Boy: Nimeituma kwa wa tatu usiku huu, kama alivyosema mzee. Sasa mwenyekiti kanipigia, anasema hata majina yakifichwa haisaidii, abstrakti imetaja kipimo ambacho kipo hospitali moja tu mkoa mzima, kila mtu anajua ni ya nani. Na huyo wa 1 aliwahi kufanya kazi hapohapo.

Sauti ya Ziwa: Ehee! Mlisema ni Kiingereza?

Prof Kivuli: Kiingereza bado ni kibovu.