Sivii ya stoo bila cheti cha foklifti: tumwite au tumtupe?

Mwajiri_Dar: Wakuu, tangazo letu linataka cheti cha foklifti, uzoefu wa kuhesabu stoku, na mtu wa kushusha paleti 60 kwa shifti. Kuna jamaa ana miaka 7 stoo, kaandika "usahihi wa stoku 99%, paleti 140 kwa shifti, naendesha foklifti", cheti hakuna. Tumwite au tumtupe?

Kisu_Butu: Tupa. Tangazo limesema cheti, yeye hana, imeisha hiyo.

Babu Reki: Hata mwenye cheti soma kwanza kimeandikwa mashine gani. Stoo yenye reki ndefu na njia nyembamba inatumia foklifti ya richi, dereva anakaa kiubavu, sasa mtu aliyezoea foklifti ya kawaida ya uwanjani ukimpandisha pale siku ya kwanza atakugongea mguu wa reki. Huyu wako akifaa mpeleke VETA asome na afanye mtihani kabla hujampa ufunguo. Mi inayonisumbua ni hiyo 99. Kaipataje? Mfumo unasema sabuni katoni 500, mafuta 300. Unahesabu unakuta sabuni 480, mafuta 320. Ukijumlisha ni 800 kwa 800, mtu anaandika asilimia mia, wakati bidhaa zote mbili ziko vibaya na mteja wa sabuni atakosa mzigo. Muulize alikuwa anahesabu bidhaa moja moja au jumla, na aliyehesabu alikuwa anaiona namba ya mfumo au karatasi ilikuwa tupu. Ukiiona namba kabla, macho yanaitafuta hiyo hiyo.

Mama Twalib: Jamani mi cheti ninacho na nina mwaka mzima sijaitwa popote, kila nikituma naambiwa uzoefu, huo uzoefu nitautoa wapi kama hamnipi mashine?

Kisu_Butu: Pole dada, ila si swali la hapa.

Mama Twalib: Ni hapa hapa. Yeye kakosa karatasi, mi nimekosa mashine, wote mnatutupa.

Mwajiri_Dar: Nimempigia. Kuhesabu anasema bidhaa moja moja, karatasi tupu, na tofauti anazifuatilia kwenye delivari noti. Ila paleti 140 walikuwa watu wanne.

Kisu_Butu: Ee si 35 hizo? Kadanganya, nilisema.

Babu Reki: 35 za mzigo gani? Gari likija na paleti zimeshafungwa, mtu wa foklifti 60 anazimaliza akiwa na muda wa chai. Ila kontena la katoni huru, mnapanga kwa mkono moja moja kisha mnafunga nailoni, 35 kwa kichwa ni kazi ya kutoka jasho. Na hiyo 60 yenu nani aliipima, kwa mzigo upi?

Mwajiri_Dar: Hapo umenishika mzee, tangazo nililikuta hivyo. Nimemwita Jumatatu, ila bosi anasema bila cheti hapandi mashine hata kwa majaribio, na hela ya VETA kampuni haitoi.

Mama Twalib: Basi mwiteni ahesabu, mashine nije niendeshe mimi 😂