Naomba ushauri: tangazo la faragha ambalo mteja atalisoma kweli

Wakuu habari, kampuni yetu inasambaza gesi majumbani hapa Dar, tangazo letu la faragha lina kurasa 9 na hakuna anayelisoma. Nimelikata vipande vifupi, vichwa vya habari nimeviweka kama maswali ya mteja: "Tunachukua taarifa zako zipi?", "Nani mwingine anaziona?", "Ukitaka tuzifute ufanyeje?"

Nimekwama hapo kwenye nani anaziona. Zamani tuliandika "washirika wetu", nikampa mama mmoja mteja asome, nikamuuliza je bodaboda anabaki na namba yako? Hakujua. Sasa nimeandika "Bodaboda anapewa namba yako na ramani ya kwako", ila mwanasheria anadai neno washirika lirudi kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mngefanyaje, nimtaje kila anayepewa au makundi yatosha?