Naomba ushauri: kazi iliyosimama inaamka ikiwa imechelewa na kufuta matokeo ya mrithi wake

Karani_wa_Seva (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nina kazi ya usiku inayosoma miamala ambayo bado haijahesabiwa, ikaiongeza juu ya jumla ya akaunti iliyopo katika PostgreSQL, kisha ikaiwekea miamala hiyo alama kwamba imekwisha kuhesabiwa. Seva mbili zinaweza kuiendesha, kwa hiyo inayoanza hulazimika kuchukua kufuli iliyoko Redis, ambayo ina muda wa sekunde 60 na huongezewa muda kila baada ya sekunde 20 maadamu kazi inaendelea.

Usiku mmoja seva A iliongeza muda kwa mara ya mwisho saa 02:00:40. Tangu 02:00:52 kumbukumbu zake hazina mstari hata mmoja hadi 02:02:30, kwa kuwa mashine pepe yake ilisimamishwa ikihamishiwa mwenyeji mwingine. Kufuli ikaisha muda saa 02:01:40, seva B ikaichukua, na kufikia 02:02:10 ilikuwa imemaliza. Kwa akaunti moja, A ilikuwa imesoma jumla ya 5,000 na miamala 12 yenye thamani ya 800. B ilisoma hiyo hiyo 5,000, lakini ikakuta miamala 15 yenye thamani ya 950, ikaandika 5,950. A ilipoamka ikaandika 5,800 yake. Miamala 3 sasa ina alama ya kuhesabiwa ilhali haimo katika jumla, na hakuna kosa lolote lililoripotiwa.

Msimbo hukagua kufuli kabla ya kuandika, na ukaguzi wa 02:00:51 ulipita. Je, niongeze muda wa kufuli?

Mzee_wa_Foleni

Ongeza hadi dakika 10. Mashine kuhamishwa hakuchukui dakika 10, na tatizo litakuwa limekwisha.

Fundi_Kitasa

Nadhani kosa liko katika kuachilia kufuli. Kila anayechukua kufuli aweke thamani ya nasibu, na wakati wa kuifuta ahakikishe kwa skripti ya Lua kwamba thamani iliyomo ni yake. La sivyo A ikiamka itafuta kufuli ya B.

Nahodha_Data

Ndugu Fundi, ulichosema ni sahihi, lakini kinalinda kufuli, na hapa kilichoharibika ni jumla. A haikuhitaji kufuta kufuli ya mtu ili iandike juu ya kazi ya B. Thamani ya nasibu pia haina mpangilio: hifadhidata ikipewa thamani mbili za namna hiyo haiwezi kujua ipi ilitangulia.

Mzee, dakika 10 zitapunguza ajali, kwa gharama ya kusubiri dakika 10 kila seva inapokufa kweli. Hata hivyo upenyo unabaki, kwa sababu kati ya kukagua na kuandika kuna nafasi ambamo mchakato unaweza kusimama, na mchakato uliosimama hauwezi kujua kwamba umesimama. Ukaguzi ukisogezwa karibu zaidi na uandishi, nafasi hiyo hupungua tu.

Kinachohitajika ni kila anayepata kufuli apewe tokeni, yaani nambari inayopanda bila kurudi nyuma, na hifadhidata yenyewe iikatae nambari ndogo kuliko iliyokwisha kuiona. Kwa kuwa data yako iko PostgreSQL, ningehamishia kufuli huko huko:

```sql
UPDATE kufuli
SET tokeni = tokeni + 1,
    mwisho = now() + interval '60 seconds'
WHERE jina = 'jumla' AND mwisho < now()
RETURNING tokeni;
```

Kazi inapoongeza muda, tokeni haibadiliki, na sharti la kuongeza ni kwamba tokeni iliyomo bado ni yake. Uandishi nao unakuwa hivi:

```sql
UPDATE akaunti
SET jumla = :jumla, tokeni = :tokeni
WHERE id = :id AND tokeni <= :tokeni;
```

Katika kisa chako, tuseme A ilipata 33 na B ikapata 34. A ikiamka inakuta mstari una 34, sharti linashindwa, na idadi ya mistari iliyobadilishwa ni sifuri. PostgreSQL haihesabu sifuri kuwa kosa, kwa hiyo msimbo wako lazima uiangalie idadi hiyo na kubatilisha muamala mzima wa hifadhidata, pamoja na zile alama. Wengi huishia kwenye `WHERE` wakasahau hili.

Binti_Mantiki

Nahodha, naona tundu moja. Hifadhidata huikataa 33 baada tu ya kuiona 34. Tuseme B imepata 34, imesoma jumla ya 5,000, lakini bado haijaandika chochote. Wakati huo A inaamka, inaandika 5,800 kwa tokeni 33, inakubaliwa, na miamala 12 inawekewa alama. Kisha B inasoma miamala isiyo na alama na kukuta 3 tu, yenye thamani ya 150. Itaandika 5,150, na tokeni yake itakubaliwa bila ubishi. Safari hii tumepoteza 800.

Nahodha_Data

Umeona sawasawa, na kwa kazi inayosoma, kuongeza na kuandika, tundu hilo ni la kweli. Dawa yake ni B kutia tokeni yake kwenye mstari kabla ya kusoma chochote:

```sql
UPDATE akaunti SET tokeni = :tokeni
WHERE id = :id AND tokeni <= :tokeni;
```

Muamala huo wa hifadhidata uthibitishwe, ndipo usomaji uanze. Kama A iliwahi kabla ya hapo, B itasoma 5,800 na miamala 3, na jumla itakuwa 5,950. Kama A itakuja baadaye, itakataliwa. Kazi ambayo hukokotoa jumla upya kutoka kwenye miamala yote isingehitaji hatua hii.

Mzee_wa_Foleni

Kwa nini msisome mstari wa kufuli kwa `FOR SHARE` ndani ya muamala ule ule wa kuandika? B haitaweza kuchukua kufuli hadi A imalize, na hakuna haja ya safu ya tokeni kwenye kila akaunti.

Binti_Mantiki

Inafanya kazi, mradi usome tokeni na kuilinganisha, na usomaji wa jumla nao uwe ndani ya muamala huo. Lakini A ikisimama katikati ya muamala, B itangoja hadi muunganisho wa A ukatwe, na muda wa kufuli unakuwa hauna maana tena. Unaweza kuweka `idle_in_transaction_session_timeout`, ila mimi ningebaki na tokeni kwenye mistari.

Mpanga_Ratiba

Kwetu kufuli iko etcd na matokeo ni barua pepe zinazotumwa kwa wateja. Tokeni tunayo, kwa sababu namba ya marekebisho ya etcd hupanda daima. Seva ya barua haijui tokeni ni nini. Tufanyeje?

Nahodha_Data

Hapo uzio wa tokeni hauna pa kusimama, kwa sababu anayepokea hakatai chochote. Unaweza kuandika barua kwenye jedwali la foleni kwa sharti la tokeni, kisha mtumaji mmoja azitoe, lakini mtumaji huyo naye anaweza kusimama kati ya kutuma na kuweka alama. Utapunguza barua za kurudiwa. Sijaona njia ya kuzimaliza.

Karani_wa_Seva

Nawashukuru. Nitahamishia kufuli PostgreSQL na kutia tokeni kabla ya kusoma. Je, ningeweza kubaki na Redis na kutoa tokeni kwa `INCR`?

Binti_Mantiki

Unakili wa Redis kwa kawaida haungoji nakala zithibitishe. Seva kuu ikianguka mara tu baada ya kutoa 34, nakala inayoshika nafasi yake inaweza kuwa bado na 33, ikatoa 34 kwa mara ya pili. Sharti lako la `<=` litawakubali wote wawili.

Fundi_Kitasa

Basi tutumie `<` badala ya `<=`.

Binti_Mantiki

Ukifanya hivyo, mwenye kufuli hataweza kuandika mstari ule ule mara mbili, na tayari ameshautia tokeni yake kabla ya kusoma.