Sikio linamrudia mtoto kila akipata mafua, daktari anasema mrija haufunguki

mama_wawili: Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka miwili na nusu. Kila akishikwa na mafua, baada ya siku chache anaamka usiku analia, kashika sikio, homa juu. Anapewa antibayotiki, anapona, mafua yakija tunaanza upya. Sasa hana homa wala maumivu, ila daktari kaona majimaji nyuma ya ngoma, anasema mrija haufunguki. Mrija gani huo?

Bishanga: Dada, hayo ni maziwa. Mrija wa watoto umelala, akinyonya chupa akiwa chali yanapanda sikioni. Mwinue kichwa tu, yataisha.

Msikivu: Bishanga, kulala umelala kweli. Kwa mtoto mchanga una kama milimita 18, umeinama nyuzi 10 hivi. Kwa mtu mzima ni karibu 36 na nyuzi 45. Ndiyo maana vijidudu vya puani vinapanda kirahisi. Lakini mama kauliza kuhusu kufunguka.

Mrija huo unatoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, na muda mwingi umefungwa. Tukimeza au kupiga miayo, msuli wa kaakaa unauvuta, hewa inapita. Kwa mtoto gegedu lake bado laini na msuli hauuvuti vizuri. Mafua yakiuvimbisha, ndiyo basi tena. Hewa iliyobaki sikioni inanyonywa na utando wa humo humo, ngoma inavutwa ndani, na utando unaanza kutoa majimaji. Yanaweza kukaa wiki nyingi bila homa. Mafua mengine yakija, vijidudu vinayakuta yamesimama pale pale.

Mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo. Anageuka?

Abiria77: Mimi ndege ikishuka masikio yanaziba. Nabana pua, napuliza, yanazibuka. Mfundishe.

Msikivu: Wa umri huo hawezi kufuata hayo mkuu, tena pua imejaa makamasi!

mama_wawili: Hageuki! Nilidhani ni ukaidi. Na anakoroma hata asipokuwa na mafua.

Msikivu: Basi usikae kimya, omba apimwe usikivu. Kuhusu kukoroma, uliza juu ya nyama za nyuma ya pua. Ziko jirani kabisa na mdomo wa mrija, na hata zisipouziba huwa zinafuga vijidudu. Kwa kawaida majimaji husubiriwa kama miezi mitatu, maana mengi hukauka yenyewe. Yakigoma na mtoto hasikii, wanaweza kumwekea kijibomba kwenye ngoma, hewa iingie kwa nje wakati mrija unakua. Dawa za kukausha mafua hazitayaondoa.

Nyamwiza: Wangu aliwekewa. Alianza kusikia vizuri mara moja, ila kilipotoka chenyewe maji yakarudi. Mdogo wake alikuwa hivyo hivyo, tukasubiri tu, akapona. Mpaka leo sijui ningemwambia mtu achague lipi.

mama_wawili: Mkubwa wako aliwekewa tena?

Nyamwiza: Ndiyo, na safari ya pili wakaondoa na zile nyama.